Slaidi ya Tano na Mshipi Wangu

Mkono wangu wa kushoto haupandi tena kupita bega. Nikitaka kufunga kitambaa kichwani, nainama nakipeleka kichwa pale mkono unapofika, kama ng'ombe anayenyoosha shingo chini ya ua. Daktari wa Kericho aliuunga vizuri, simlaumu. Mfupa wa mwanamke wa umri wangu ukipigwa na rungu haurudi kwao kwa haraka. Watu wakiniuliza, nawaambia mkono huu ulivunjwa na picha ya kwenye simu. Wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nilikuwepo.

Shule niliacha darasa la tatu, nikaenda kuchuma chai. Kwa hivyo haya naandika polepole, na mjukuu wangu ananirekebishia herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa. Yeye ndiye aliyetengeneza hizo picha, na nusura zimuue.

Huyu msichana ni mtoto wa binti yangu wa kwanza. Nilimlea tangu alipoachishwa ziwa. Alisoma chuo cha Kabianga, mambo ya utalii na hoteli, akapata kazi kwenye nyumba moja ya wageni pale Kericho mjini. Kazi yake ni kukaa na simu. Nilidhani ni uvivu mpaka nilipoona jinsi anavyohangaika nayo. Anapanga picha kumi zinazofuatana, mtu anazisukuma kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, na kila moja ina maandishi: saa ngapi ufanye nini, pesa ngapi utatoa, ujihadhari na nini. Anaziita slaidi. Mtu wa Nairobi akizimaliza zote kumi, ameshajua wikendi yake yote ya Kericho kabla hajafunga mkoba.

Hizo za kwangu alizitengenezea jikoni kwangu, mwezi wa nane, mimi nikisonga ugali wa wimbi, yeye ameketi juu ya gunia la mahindi.

"Kogo, sikiza," akaniambia. Kogo ni nyanya kwetu. "Slaidi ya kwanza, picha ya chai na jina: Wikendi Moja Kericho. Ya pili, Ijumaa jioni. Nauli kutoka Nairobi, shuka mjini, chumba elfu mbili na mia tano na kifungua kinywa. Ya tatu, Jumamosi saa nane mchana, kutembea kwenye chai."

"Saa nane mvua itawaosha mpaka wasahau majina yao."

"Kweli?"

"Wewe umezaliwa wapi? Sigor kwenye jua? Weka asubuhi."

Akacheka, akafuta, akaandika saa mbili unusu asubuhi. Chini yake akaongeza: beba sweta na koti la mvua hata kama jua linawaka. Uombe ruhusa getini kabla ya kuingia shamba la kampuni. Usipige wachumaji picha kabla hujawauliza. Hiyo ya mwisho nilimwambia mimi. Nilishachoka zamani kupigwa picha nikiwa na kikapu mgongoni kama punda wa maonyesho.

Slaidi ya nne ilikuwa mimi. Chakula cha mchana kwa Kogo: ugali wa wimbi, mboga za kienyeji, kuku, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu. Mia nane kwa mtu, piga simu siku moja kabla. Nikavaa lile gauni langu la kanisa, nikasimama mlangoni. Nilipoona nilivyotokea kwenye simu, nilimwambia ukweli: "Huyu mama ni mzuri."

"Kogo, unajipenda."

"Nani mwingine anipende? Babu yako amekufa."

Slaidi ya tano ilikuwa njia. Nyuma ya boma langu kuna njia ya miguu inayoshuka katikati ya miti ya blugamu mpaka mtoni, na mtoni kuna maporomoko. Madogo, lakini yanapiga kelele kama makubwa. Aliweka picha ya povu jeupe, akaandika: saa tano asubuhi, kabla ya chakula. Pita nyuma ya nyumba ya Kogo, geuka kulia kwenye blugamu ya tatu, teremka dakika ishirini. Bure, hakuna kiingilio. Vaa kiatu kinachoshika tope. Pembeni pale chini akaweka jina lake na uso wake mdogo ndani ya duara, kama anavyofanya kwenye kila slaidi.

Ya sita hakunisomea. Alisema moto wa simu umeisha.

Wageni walikuja, na walikuja vizuri. Walikula, walinisifu, walipiga picha na kuku kabla ya kumla. Majirani walianza kuniita mkurugenzi. Nilitembea kanisani nikiwa nimeinua shingo, sitadanganya.

Basi Jumamosi moja msichana mmoja mgeni, kucha ndefu nyekundu, akamaliza kula, akanifuata jikoni ameshika noti ya mia mbili.

"Kogo, nataka ule mshipi sasa."

"Mshipi gani?"

"Wa shanga. Ule wa kuvaa na kupiga picha. Si ni mia mbili?"

Nikamwomba anionyeshe. Kwenye simu yake nikamwona mjukuu wangu, mshipi wangu umemzunguka kiuno, ametoa nyonga nje, anacheka. Kando ya kiuno kuna namba mbili na sifuri mbili. Namba nazisoma vizuri sana.

Nieleze kidogo, kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Huu mshipi ni wa ngozi laini, umeshonwa shanga na simbi, yale makombe madogo meupe. Mama yangu alinishonea nilipobeba mimba ya kwanza. Mwanamke wa kwetu wa zamani aliufunga akiwa na mimba, na akishazaa aliufunga tena, na watoto wake wote wako ndani ya huo mshipi hata wakiwa watu wazima wenye ndevu. Wanaume wakipigana, mwanamke mzima akiufungua na kuutupa katikati yao, wanaacha. Hawaulizi nani alianza. Anayeuvuka amelivuka tumbo la mama yake. Na mama akimchapa mtu nao, hiyo si fimbo tena, ni laana. Mimi nilimwona mama yangu akiutupa mara moja, huko Chepalungu, wanaume wakigombania ng'ombe kwa mishale. Mishale ilianguka chini kama kuni.

Kitu hicho mjukuu wangu, ambaye hajazaa hata paka, alikitoa sandukuni mwangu kwa siri, akakiangika kiunoni, akakiwekea bei.

Nilimpa yule mgeni soda, nikamwambia mshipi umeenda kufuliwa. Alipoondoka, nilimshika mjukuu wangu kwa kola nikampiga kwa mwiko wa ugali. Nilimpiga mgongoni, nikampiga mapajani, mwiko ukavunjika nikaendelea na kipande. Hakukimbia. Alilia tu, akisema, "Kogo, ni picha tu! Ni picha tu!"

"Na mimi ni mwiko tu!"

Jirani yangu wa upande wa juu, mwanamke wa kutoka ziwani ambaye mume wake ni mekanika wa kiwanda cha chai, alikuja mbio akanishika mikono kwa nyuma. "Mama, utamuua mtoto na chakula bado kiko kwenye meno yake!" Ndiyo nikaacha.

Jioni ile ile msichana akaitoa hiyo slaidi ya sita ya mshipi. Alinionyesha: unaweza kutoa picha moja katikati na zingine zinabaki. Kufuta neno moja ndani yake huwezi, kwa sababu maandishi yameshashikana na picha. Unatoa yote. Nikaurudisha mshipi kwenye sanduku. Lakini vijana wa kijiji walikuwa wameshaiona. Nikipita kituo cha kuuzia majani ya chai, walikuwa wakiulizana kwa sauti, "Leo Kogo anakodisha kwa saa ama kwa siku?"

Kiongozi wao alikuwa kijana wa jirani yangu wa upande wa chini. Mtoto niliyemtoa mimi mwenyewe tumboni kwa mama yake, mvua ikinyesha, gari limekwama. Amekuwa dume lenye mabega, halina kazi, lina mdomo.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, wanaume walijenga menjo. Menjo ni kibanda ambamo vijana waliotahiriwa wanatengwa mpaka wapone na kufundishwa. Mwanamke hakaribii. Mwanamke hasemi, hata kama anajua kila mti uliokatwa kukijenga. Mwaka huo walikijenga chini kule, ng'ambo ya blugamu, mbali kidogo na maporomoko. Na yule mwenye mdomo alikuwa mmoja wa walinzi, kwa sababu mdogo wake alikuwa ndani.

Nilipoona matawi mabichi yamefungwa kuzuia njia, nikampigia mjukuu wangu simu.

"Toa ile njia ya mtoni."

"Kwa nini, Kogo?"

"Imefungwa."

"Imefungwa na nani? Imeporomoka?"

"Wewe ni wa hapa ama wa Uingereza? Ni mambo ya wanaume."

"Sawa," akasema. "Nimeelewa."

Akaitoa siku hiyo hiyo. Kila kitu alifanya sawasawa, na hapo ndipo tulipoanguka. Kwenye pembe ya kila slaidi alikuwa ameandika namba. Sasa mtu akisukuma alitoka ya nne akaruka mpaka ya saba. Watu wakaanza kuuliza hapo chini wanapoandika maoni: ya tano iko wapi? Si ndiyo ya maporomoko? Na yeye angejibu nini? Angeandika mbele ya watu wote kwamba kuna menjo pale? Msichana? Aliandika tu: imetolewa kwa sasa. Mtu wa Nairobi akisoma hivyo anadhani umeficha kitu kizuri. Mmoja wao akaandika kwamba yeye alishaipiga skrinshoti, yaani aliichukua picha ya picha akaiweka kwenye simu yake, na yeyote anayeitaka atamtumia. Wakamwomba. Akawatumia. Ukitoa kitu kwako, hakitoki kwa mwenye skrinshoti.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku yenyewe sikujua lolote.

Ilikuwa Jumamosi. Mjukuu wangu alikuwa amekuja kunisaidia, maana watu wa kanisa waliagiza chakula. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikasikia gari likisimama barabarani, milango ikifungwa, vicheko. Sikutoka. Nilijua wageni wangu wa slaidi hupiga simu kwanza. Hawa walikuwa wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Walipita nyuma ya ua wangu moja kwa moja, wakahesabu blugamu, wakaruka yale matawi. Simu zao zilikuwa mikononi zikirekodi.

Tulisikia filimbi, halafu ukelele wa mwanamke. Si ukelele wa kuona nyoka. Ulikuwa ule unaokatika katikati, ukaanza tena chini zaidi.

Mjukuu wangu akaweka kisu chini.

"Kogo. Wana ile picha."

"Si uliitoa?"

"Wana ile picha," akarudia.

Mwanaume wa kwanza alitokea nyuma ya nyumba akitambaa kwa mikono na magoti. Kichwa kilikuwa kimepasuka hapa juu, ngozi imefunguka kama mdomo, damu imejaa jicho moja. Kiatu kimoja hakuna. Nyuma yake wanawake wawili walikuwa wanamburuta yule wa pili, mkono wake umepinda mahali pasipo na kiungo. Mmoja wa wanawake alikuwa na alama ya fimbo shavuni, imevimba kama mnyoo. Alinitazama akasema kwa Kiingereza kitu ambacho sikuelewa, kisha kwa Kiswahili: "Tulifuata tu ile slaidi. Tulifuata tu."

Nikawasukuma wote nyumbani kwa jirani wa ziwani, akafunga mlango wa chuma. Walinzi wa menjo, wale wanaume wa rungu, hawakuwafuata. Walishamaliza nao. Simu zao walikuwa wamezivunja juu ya jiwe, moja moja, kama mtu anayevunja karanga. Ila moja, kabla ya kuvunjwa, walikuwa wameiuliza: nani aliwatuma? Na ile picha iliwajibu. Njia ya blugamu, na pembeni uso mdogo ndani ya duara.

Wakapanda kuja kwangu. Niliwasikia kabla sijawaona, kile kimya chenye miguu mingi. Walikuwa saba, nane hivi, wamevua mashati, wamejipaka tope usoni. Nilimsukuma mjukuu wangu ndani, nikamwambia afunge komeo, nikabaki nje. Halafu nikakumbuka nikagonga: "Nipe mshipi! Dirishani!"

Mkono wake ukatoka dirishani na mshipi. Nikaufunga juu ya gauni.

"Kogo, ondoka mlangoni," akasema yule niliyemzalisha. Damu ilikuwa imemrukia mpaka kifuani, si yake. "Tunamtaka huyo wa picha."

"Mtamfanya nini?"

"Ameuza mambo ya wazee kwa watu wa Nairobi. Wanawake wameingia mpaka kule. Wanawake! Na kamera! Leo vidole vyake haviwezi kubonyeza simu tena. Na hii nyumba hatarudi."

"Aliitoa hiyo picha alipojua. Mimi ndiye nilimwambia."

"Ulimwambia nini? Wewe mwanamke unajua nini ya kusema?"

Hapo alinishika, kwa sababu hilo ndilo lililotufikisha hapo. Sikuweza kujibu bila kusema nisichotakiwa kusema. Mwingine akaokota jiwe akapiga dirisha. Kioo kikaanguka ndani, nikamsikia msichana wangu akilia. Mwingine alikuwa ameenda kwenye banda la kuni anatoa nyasi kavu. Niliona kiberiti mkononi mwake.

Nikafungua mshipi. Nikautupa chini kati yangu na wao, ukaanguka kwenye tope ukiwa umenyooka, simbi zinang'aa.

"Haya," nikasema. "Ni nani hakuzaliwa?"

Wakasimama. Wote. Yule wa nyasi akaziacha zianguke. Kwa muda wa pumzi moja nilidhani imekwisha, nikamwona mama yangu kule Chepalungu.

Halafu yule mwenye mdomo akacheka.

"Si huu ni ule wa mia mbili?" akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti iliyokunjwa, akaitupa juu ya mshipi wangu. "Chukua, Kogo. Nimeukodi. Sasa ni wangu, naweza kuuvuka."

Mmoja au wawili wakacheka pia, lile cheko la kuogopa. Na yeye akainua mguu akauvuka. Kisigino chake kikakanyaga ukingo wake, nikasikia simbi moja ikivunjika.

Alisukuma mlango kwa bega. Komeo langu ni la mbao, likatoka na misumari yake. Msichana wangu alikuwa amesimama katikati ya jikoni na kile kisu cha mboga, amekishika kwa mikono miwili, hajui hata upande wa makali. Kijana akainua rungu. Mimi nilikuwa nyuma yake, kisha nilikuwa kando yake, kisha mkono wangu wa kushoto ulikuwa kati ya rungu na kichwa cha mtoto wangu. Ulivunjika na mlio mkavu, kama kuni ya mti wa chai. Sikuhisi maumivu. Nilihisi joto, halafu mkono ukaanza kuning'inia kama si wangu.

Akauangalia. Sijui kama alikusudia kunipiga mimi. Lakini rungu alilishusha yeye.

Nikampa mgongo, nikatoka nje. Wale wengine wakanipisha. Nikainama, nikaokota mshipi kwa mkono wa kulia, noti ikadondoka kwenye tope. Nikarudi ndani. Alikuwa bado amesimama pale, mdomo wazi. Aliona nilichoshika.

"Kogo," akasema. "Kogo, hapana."

"Umeukodi, si ndiyo? Basi pokea."

Nikamchapa nao usoni. Mara moja, kwa nguvu zote zilizobaki mwilini mwangu. Simbi zilimkata shavu mistari midogo midogo. Kipigo chenyewe hakikuwa kitu, mbwa angekivumilia. Lakini rungu lilianguka, magoti yakaanguka, akajishika uso akapiga kelele kama mtoto mchanga. Kelele ile ile niliyoisikia siku nilipomtoa.

Wale wengine hawakukimbia tu. Waliyatupa marungu yao kwenye majani ya chai wakiwa wanakimbia, kana kwamba yameshika moto.

Baba wa yule kijana alipofika akihema kutoka chini, alikuta hivi: mimi nimeketi kwenye gunia la mahindi na mfupa umechungulia, msichana wangu ananifunga na leso, na mwanawe kwenye sakafu amejikunja. Aliutazama mshipi. Aliutazama uso wa mwanawe, ile mistari. Hakuuliza. Alivua kofia yake, akatoka nje.

Polisi walikuja, chifu alikuja. Wageni walishonwa hospitali Kericho, wakaandikisha maneno yao, wakaondoka na gari lao, ambalo vijana walikuwa wamelipasua kioo. Vijana watatu walilala seli. Yule aliyenivunja hakuhitaji seli. Hakula. Aliambiwa na kila mtu, hata na watoto wadogo, kwamba amechapwa na mshipi wa mwanamke aliyemzalisha, na hakuna aliyetaka kuketi naye kwenye benchi moja. Mama yake alikuja mlangoni kwangu akalala chini kwenye tope, analia, akisema nimemmalizia mtoto. Mimi na mkono wangu kwenye plasta, nikamwambia ainuke, ananichafulia mlango.

Mjukuu wangu alirudi mjini siku ya pili. Alizifuta slaidi zote, mimi na kuku wangu tukafutika pia. Alisema hatakanyaga tena kijijini, maana kila akifumba macho anaona kile kiberiti. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu: mtoto mzima, vidole kumi vizima, na hatarudi. Yule mwenye mdomo alikuwa amelipata alilolitaka hata akiwa amelala chini.

Hilo nilikataa.

Wazee walipomleta yule kijana ili nimfungulie ile laana, walileta kondoo, maziwa na nyasi mbichi, kama inavyotakiwa. Nilitakiwa kupaka mshipi mafuta, nimtemee mate ya baraka kifuani, laana iondoke. Alikuwa amekonda, mistari ya shavuni imeshapona lakini yeye aliendelea kuishika.

"Siwezi," nikawaambia wazee.

"Mama, tafadhali. Kijana atakufa."

"Mate yangu yako mjini. Aende akayalete."

Wakaelewa. Alipelekwa na baba yake mpaka kwenye ile nyumba ya wageni. Nimeambiwa alisimama mbele ya meza ya mapokezi, wageni na mikoba wakitazama, akamwambia mjukuu wangu, "Rudi nyumbani, dada. Kogo hatanifungulia mpaka urudi." Mjukuu wangu anasema alitaka kumwambia aende afe. Alikuwa na haki.

Alikuja Jumapili. Alipanda njia mwenyewe, mkoba begani, na yule kijana alipomwona alitoka njiani akaingia mtaroni kwenye maji, akasimama pale mpaka alipopita. Hapo ndipo nilipopaka mshipi mafuta na kutema mate. Nilitema kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, hata mate ya chini kabisa yalimfika kidevuni. Akashukuru.

Simbi iliyovunjika sikuirudisha. Pengo liko pale, upande wa kushoto. Na mshipi hauko tena kwenye sanduku. Naufunga chini ya gauni kila siku, hata nikienda kuuza majani, na pale kituoni hakuna anayeuliza bei.

Juzi msichana alikuwa tena jikoni, juu ya gunia, na simu. Anatengeneza slaidi mpya, bila namba pembeni. Mimi nimo, kuku yumo, bei imepanda. Alifika kwenye njia ya mtoni akasimama.

"Kogo, hapa niandike nini? Siwezi kuandika sababu."

"Usiandike sababu. Andika: asishuke mtu kabla hajamuuliza Kogo."

"Na gharama? Kila slaidi lazima iwe na gharama."

Nikajaribu kuinua mkono wa kushoto kutoa sufuria motoni, nikakumbuka, nikaitoa kwa mkono wa kulia.

"Kuuliza ni bure," nikamwambia. "Mimi nilishalipa."